Kioo kilichoingia nusu kwenye kapasita: betri inatoa kiasi gani, na nani anakivuta?

"Mwalimu, tumepewa kapasita ya mabamba mawili sambamba, kipande cha kioo kinaingizwa katikati mpaka kifike nusu. Nimekokotoa nikaona betri ikiwa imeondolewa nishati inapungua, lakini betri ikiwa bado imeunganishwa nishati inaongezeka. Kitabu kinasema kioo kinavutwa ndani katika hali zote mbili. Hiyo ya pili imenishinda: kitu kinavutwaje kwenda kwenye nishati kubwa? Na ile nusu isiyo na kioo, chaji yake inakuwaje?"

Hesabu zako ni sahihi, na kitabu nacho hakijakosea. Ulichosahau ni betri. Umepima nishati iliyomo ndani ya kapasita peke yake, ukaiacha betri nje ya hesabu kana kwamba imekaa tu pembeni inatazama. Kumbe wakati kioo kinaingia betri inasukuma chaji mpya kwenye mabamba, na nishati inayotoa ni mara mbili ya ile iliyoongezeka kwenye kapasita. Nusu inabaki ndani ya kapasita, nusu ya pili ndiyo inayokivuta kioo. Maneno haya ni mepesi kuyasema. Tuyaone kwa namba, na tubaki na kapasita moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Chukua mabamba mawili ya mraba, kila upande sentimita 20, yaliyoachana milimita 2. Kati yake ni hewa. Kioo chetu nacho ni cha sentimita 20 kwa 20, unene milimita 2 kamili, na K yake, yaani kapasitansi inakua mara ngapi kioo kikijaza nafasi yote mahali pa hewa, tuiweke 5 (vioo vya dirisha huwa kati ya 5 na 7 hivi, ila 5 inarahisisha hesabu). Betri, au chanzo chochote cha umeme wa moja kwa moja, ni cha volti 300.

Kabla kioo hakijaingia:

C₀ = ε₀A/d = (8.85 × 10⁻¹² × 0.04) / 0.002 = 177 pF

Chaji ni 177 pF mara 300 V, yaani nanokulombi 53.1. Nishati ni ½CV², inatoka mikrojouli 7.97. Ni nishati ndogo mno, lakini hiyo ndiyo hali halisi ya kapasita ya hewa.

Sasa sukuma kioo ndani kwa umbali x. Hapo ndipo wengi wanapoteleza kwa mara ya kwanza, kwa hiyo tusimame kidogo. Kapasita yenye kioo nusu ni kapasita mbili, lakini zimeungwa vipi? Jiulize hivi: ukichora mstari wima kutoka bamba la juu hadi la chini, unapita kwenye kitu kimoja au vitu viwili? Hapa, ukiuchora upande wa kioo unapita kwenye kioo tupu. Ukiuchora upande wa hewa unapita kwenye hewa tupu. Kila mstari una kitu kimoja, kwa hiyo kapasita hizo mbili ziko sambamba na unazijumlisha moja kwa moja. Kama mstari uleule mmoja ungepita kwenye hewa kisha kwenye kioo, zingekuwa za mfuatano. Tutaikuta hali hiyo baadaye kidogo, maana kwenye meza ya maabara huwa inajipenyeza bila kualikwa.

Kwa hiyo, L ikiwa ni urefu wa bamba:

C(x) = C₀ [1 + (K − 1) x/L]

Ni mstari ulionyooka. Kila sentimita ya kioo inayoingia inaongeza 177 × 4 / 20, yaani pF 35.4. Kikifika nusu, C ni pF 531, mara tatu ya mwanzo. Kikiingia chote, C ni pF 885, mara tano. Angalia kwamba nusu haikutupa mara mbili na nusu: kinachokua sawia na x ni ile nyongeza ya (K − 1), si K yenyewe.

Tuanze na hali ambayo haikukusumbua. Umechaji kapasita mpaka volti 300, ukaondoa waya wa betri, kisha ukaingiza kioo. Chaji haina pa kwenda, inabaki nanokulombi 53.1. C imekuwa mara tatu, kwa hiyo volti zinashuka hadi 100. Nishati ni Q²/2C, nayo inashuka hadi theluthi: kutoka mikrojouli 7.97 hadi 2.66. Mikrojouli 5.31 zimeondoka kapasita. Zimekwenda kwenye mkono wako, kwa sababu kioo kilikuwa kinavutwa na wewe ulikuwa unakizuia kisijirushe. Ungekiachia, na kama kusingekuwa na msuguano, kingeingia kwa kasi, kikapitiliza, kikatokeza upande wa pili, kikarudishwa, kikaendelea kwenda na kurudi kama bembea. Kwenye meza halisi msuguano unakigandisha pale pale.

Sasa swali lako kuhusu nusu ya hewa. Ndani ya hali hii hii, kabla ya kioo kila nusu ya bamba ilikuwa na nanokulombi 26.55. Baada ya kioo kufika nusu, upande wa hewa ni kapasita ya pF 88.5 na upande wa kioo ni ya pF 442.5, zote mbili ziko kwenye volti 100. Upande wa hewa unabaki na nanokulombi 8.85, upande wa kioo una 44.25. Jumla ni ileile 53.1. Maana yake nanokulombi 17.7 zimetembea kwenye bamba lenyewe, kutoka upande wa hewa kwenda upande wa kioo. Hakuna waya wa nje uliohusika. Bamba ni chuma, chaji inateleza juu yake inavyotaka.

Na uga wa umeme je? Wanafunzi wengi wanaandika kwamba ndani ya kioo uga ni mdogo mara tano kuliko kwenye hewa, kwa sababu wamekariri E = E₀/K. Hapa si kweli. Bamba la juu lote liko kwenye potensheli moja, la chini lote liko kwenye potensheli moja, na umbali ni milimita 2 kote. Volti 100 kugawa kwa milimita 2 ni volti 50 kwa milimita, kwenye kioo na kwenye hewa vilevile. Kilichotofautiana ni msongamano wa chaji juu ya bamba: upande wa kioo ni mara tano ya upande wa hewa. Kioo kinafifisha sehemu kubwa ya chaji hiyo kwa chaji zake chenyewe zilizofungwa kwenye molekuli, na kinachobaki kinatosha kutoa uga uleule wa jirani yake. E₀/K ni sahihi pale ambapo kioo kimefunika bamba lote na chaji haikuruhusiwa kubadilika.

Sasa hali iliyokushinda. Betri imebaki imeunganishwa, volti ni 300 mwanzo hadi mwisho. Kioo kikifika nusu, chaji ni 531 pF mara 300 V, yaani nanokulombi 159.3. Upande wa hewa una 26.55, kama ulivyokuwa mwanzo, haukuguswa. Nyongeza yote ya nanokulombi 106.2 imetoka kwenye betri na imekaa upande wa kioo.

Nishati ya kapasita imepanda kutoka mikrojouli 7.97 hadi 23.90. Imeongezeka 15.93. Hapo ndipo ulipoishia. Ongeza mstari mmoja tu: betri imesukuma nanokulombi 106.2 kwa volti 300, kwa hiyo imetoa

106.2 nC × 300 V = 31.86 µJ

Toa 15.93 zilizobaki kwenye kapasita. Zinasalia mikrojouli 15.93, nusu kwa nusu, na hizo ndizo zilizofanya kazi juu ya kioo. Si bahati ya namba nilizochagua. Betri inatoa VΔQ, ambayo ni V²ΔC. Kapasita inapokea ½V²ΔC. Nusu nyingine lazima ionekane mahali fulani, na mahali penyewe ni kwenye kioo. Kwa hiyo kioo hakivutwi "kwenda kwenye nishati kubwa". Ukihesabu betri na kapasita kwa pamoja, nishati yao ya jumla imepungua kwa mikrojouli 15.93, na kioo kimefuata mteremko kama kitu kingine chochote.

Huenda utauliza kama hizo mikrojouli 15.93 hazikuishia kuwa joto kwenye waya. Ni swali halali, kwa sababu ukichaji kapasita kwa kuiunga ghafla kwenye betri, nusu ya nishati ya betri inapotea hivyo hasa. Lakini hapa kioo kinaingia polepole. Tuseme umeweka rezista ya megaohmu 1 kati ya chanzo na kapasita (na unapaswa kuiweka, nitaeleza), na kioo kimechukua sekunde 1 kufika nusu. Mkondo wa wastani ni nanoampea 106. Joto kwenye rezista, I²Rt, ni kama mikrojouli 0.011. Si kitu mbele ya 15.93. Kapasita yako haikuwahi kuachwa nyuma na betri, volti zake zilikaa 300 njia nzima.

Kutokana na hayo unaipata kani bila kubishana na ishara. Ukishika chaji isibadilike, kapasita iko peke yake na kani ni −dU/dx. Ukishika volti zisibadilike, betri inaingia kwenye hesabu na kani inakuwa +dU/dx, ambapo U ni nishati ya kapasita peke yake. Mtu akitumia alama ya kutoa katika hali ya pili atapata kioo kinasukumwa nje, na ukiona jibu la namna hiyo kwenye daftari ujue betri imesahaulika. Njia zote mbili zinaishia kwenye mlinganyo mmoja:

F = ½ V² (dC/dx)

V hapa ni volti zilizopo wakati huo huo. Hakuna hasi popote: V² ni chanya, na C inaongezeka kioo kinapoingia, kwa hiyo kani inaelekea ndani siku zote, betri iwepo isiwepo. Tofauti iko kwenye V. Kwetu dC/dx ni pF 35.4 kwa sentimita, yaani 3.54 × 10⁻⁹ F/m. Betri ikiwa imeunganishwa, V ni 300 daima, na kani ni nyutoni 1.59 × 10⁻⁴ kutoka mwanzo hadi mwisho bila kubadilika. Izidishe kwa mita 0.1 upate mikrojouli 15.93, hesabu imefunga. Betri ikiwa imeondolewa, kani inaanza na kiasi hichohicho, lakini kioo kikifika nusu volti zimekuwa 100, kwa hiyo kani imekuwa moja ya tisa. Kikikaribia kumaliza volti ni 60 na kani ni moja ya ishirini na tano.

Kani hiyo ni ndogo kiasi gani? Kioo chetu kina uzito wa kama gramu 200, yaani mvutano wa dunia juu yake ni nyutoni 2 hivi. Kani ya kapasita ni mara elfu kumi na mbili ndogo kuliko hapo. Hutaisikia mkononi, na kioo hakitasogea chenyewe juu ya bamba hata ukisubiri hadi jioni. Atakayekuambia ameona kioo kikivutwa kwa volti 300 mezani, mwulize alikining'iniza vipi.

Kuhusu kani hiyo inatoka wapi: katikati ya mabamba uga unakwenda wima na ni sawa kila mahali, kwa hiyo unaweza kukivuta kioo juu na chini tu, na hizo zinafutana. Kinachovuta kuelekea ndani ni uga uliotuna nje kidogo kwenye mdomo wa mabamba, pale ambapo mistari inapinda. Molekuli za kioo zilizo hapo mdomoni zina ncha moja hasi kidogo na nyingine chanya kidogo, na kwa sababu uga unazidi nguvu kadiri unavyoelekea ndani, kila molekuli inavutwa upande huo. Ajabu yake ni kwamba mlinganyo wetu wa C(x) umeupuuza kabisa uga wa mdomoni, na bado unatoa kani sahihi. Sababu ni kwamba kioo kikisogea sentimita moja zaidi, umbo la uga pale mdomoni halibadiliki. Kinachobadilika ni kiasi cha kioo kilicho ndani, ambako hesabu yetu ni safi. Uhakika huo unaisha ukikaribia miisho. Kioo kikiwa kimeingia milimita mbili tatu tu, au kimebakiza hizohizo, yaani umbali unaolingana na nafasi kati ya mabamba, usiuamini mlinganyo. Kikiingia chote na kulingana na bamba, pande zote mbili zinakivuta sawasawa na kani ni sifuri, ingawa mlinganyo ungesema bado ipo.

Kuna geuzo moja la swali hili ambalo watunga mitihani wanalipenda, na linakamata hata waliokwisha kuelewa. Betri imeunganishwa, kioo kimeingia nusu, kisha unaondoa betri, *halafu* unachomoa kioo. Volti zinakuwa ngapi? Chaji iliyonaswa si 53.1 tena, ni 159.3. C inarudi pF 177. Volti zinapanda hadi 900, kutoka kwenye betri ya 300. Nishati inatoka mikrojouli 23.90 hadi 71.7, na tofauti ya 47.8 imetolewa na mkono wako uliokuwa ukikivuta kioo dhidi ya kani. Ukifanya hivyohivyo kwa kioo kilichoingia chote unafika volti 1500. Kwa milimita 2 za hewa hilo bado ni salama, maana hewa inahitaji karibu volti 3000 kwa kila milimita ndipo ipasuke kwa cheche, lakini kifaa chochote ulichounganisha kinachokubali volti 600 tu kimekwisha.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho maabara, anza na kapasitansi, ndiyo rahisi. Hakikisha mabamba yamegusanishwa kwanza kwa waya ili chaji iishe, kisha tumia multimita yenye kipimo cha nF 2, bila betri yoyote. Sukuma kioo sentimita mbili mbili na uandike. Ukichora grafu ya C kwa x utapata mstari ulionyooka, na kwa kawaida hautalingana na hesabu kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni waya za mita zenyewe, ambazo zina kapasitansi yake. Tuseme ni pF 30. Zinaongeza kila kipimo kwa kiasi kilekile, kwa hiyo mteremko wa grafu unabaki 35.4 kwa sentimita, lakini ukigawanya kipimo cha mwisho kwa cha mwanzo utapata 915 kwa 207, yaani K ya 4.4 badala ya 5. Ondoa kosa hilo kwa kutenganisha waya mmoja kutoka kwenye bamba, ukauacha pale pale karibu bila kugusa, ukasoma mita na kutoa kiasi hicho. Na usizisogeze waya baada ya hapo.

Ya pili ndiyo inayoumiza zaidi: upenyo wa hewa. Kioo cha milimita 2 hakiingii kwenye nafasi ya milimita 2 bila kukwaruza, kwa hiyo mtu anaacha milimita 2.2 ili kiteleze vizuri. Sasa ule mstari wima wa juu hadi chini, upande wa kioo, unapita kwenye vitu viwili: kioo milimita 2 na hewa milimita 0.2. Hapo ni mfuatano. Kioo cha milimita 2 chenye K ya 5 ni sawa na hewa ya milimita 0.4, ongeza 0.2, jumla ni kama hewa ya milimita 0.6. Kioo kikiingia chote C ni pF 590, si 885. Bila kioo ni pF 161. Uwiano ni 3.67. Kikiwa nusu unasoma 375 mahali pa 531. Upenyo wa sehemu ya kumi tu ya unene wa kioo umekula karibu asilimia 30 ya jibu, na mtu anaanza kukilaumu kioo kwamba K yake ni 3.67. Sababu ni kwamba ndani ya upenyo ule uga ni mara tano ya ule wa ndani ya kioo, kwa hiyo hewa hiyo kiduchu inabeba theluthi ya volti zote.

Kosa hili halifutwi kwa kutoa namba moja kama la waya, lakini linasahihishika. Gawa nafasi nzima kwa uwiano uliopata: 2.2 kwa 3.67 ni 0.6. Toa upenyo, inabaki 0.4. Gawa unene wa kioo kwa hicho: 2 kwa 0.4 ni 5. Kipimo cha unene kichukuliwe kwa mikromita, si kwa rula, na sehemu kadhaa za kioo, kwa sababu hesabu yote imekaa kwenye hizo desimali mbili za milimita.

Kushuka kwa volti betri ikiwa imeondolewa ni kazi nyingine kabisa, na multimita haifai. Multimita ya kawaida ina ukinzani wa megaohmu 10. Zidisha kwa pF 177 upate sekunde 0.0018. Yaani ukigusisha tu vichokoo vyake kwenye mabamba, chaji imekwisha kabla namba haijatulia kwenye kioo cha mita, nawe utaandika "sifuri" ukidhani kapasita haikuchaji. Unahitaji elektromita, au elektroskopu ya jani la dhahabu iliyounganishwa na bamba la juu. Jani halitikisiki vya kutosha kwa volti 300. Inabidi upande hadi elfu moja na kitu, kwa chanzo cha maabara chenye rezista ya kinga. Ile megaohmu 1 niliyoitaja kazi yake ni hiyo. Kapasita yenyewe haina nishati ya kukudhuru, ila chanzo kinaweza, na kwa volti 300 rezista hiyo inabana mkondo usizidi miliampea 0.3. Kwa volti elfu moja weka megaohmu 10.

Jani litashuka kioo kikiingia na kupanda tena kioo kikitoka. Kule kupanda tena ndiko kunakothibitisha kwamba ulichoona ni kapasitansi, maana jani linaloshuka na kubaki chini linasema kitu kingine: chaji imevuja. Kwenye miji ya pwani, Mombasa au Dar es Salaam, kioo kinashika unyevu wa hewa na uso wake unapitisha umeme taratibu. Kifute kwa spiriti, kikaushe juani au kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha kikamate kwa kingo. Kama bado kinavuja, tumia poliitini nene au plastiki ngumu ya kung'aa kama ya mbao za matangazo, ukikubali K ndogo ya 2 hadi 3. Plastiki nazo zina vituko vyake, zinajichaji kwa kusuguliwa tu. Kabla ya jaribio gusanisha mabamba mawili, yatenganishe, kisha ingiza plastiki bila kuchaji chochote. Jani likicheza, plastiki imekuja na chaji yake, na hakuna utakachopima siku hiyo mpaka uifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uikaushe na kuanza upya.